Hatari mbili zisizolingana: pombe na Flajili, pombe na vidonge vya usingizi

*Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini mkoani Njombe. Tunaandaa karatasi ya kuwapa wagonjwa kuhusu pombe na dawa. Kila siku naulizwa kama mtu akinywa pombe akiwa kwenye dozi ya Flajili atakufa, lakini kuhusu vidonge vya usingizi hakuna anayeuliza. Niandike nini, na mgonjwa akae muda gani bila pombe?*

Ndugu Muuguzi, hofu ya wagonjwa wako imekaa mahali pasipo pake, na kazi ya kwanza ya karatasi yenu ni kuihamisha. Pombe pamoja na metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flajili, inaweza kumsumbua mtu kwa saa chache, hata kumtapisha na kumlegeza, lakini ni nadra sana kumwua. Pombe pamoja na diazepamu, fenobabitoni na dawa nyingine za kutuliza humlaza mtu usingizi ambao pumzi hupungua hadi kukatika, na jambo hilo hutokea kimya kimya, kitandani, huku watu wa nyumbani wakidhani kwamba amelewa tu.

Kwa Flajili, mwambieni mgonjwa asinywe pombe siku zote za dozi, na baada ya kidonge cha mwisho angoje saa 48. Kwa vidonge vya usingizi msiandike idadi ya saa hata kidogo, kwa sababu dawa nyingi za kundi hili hukaa mwilini kwa siku nyingi, na mtu atakayeandikiwa saa ataanza kuzihesabu ili anywe. Maadamu anazitumia, asinywe kabisa. Nitaeleza sababu za tofauti hii, kwa maana mgonjwa akishaelewa sababu hahitaji kutishwa.

Nianze na Flajili. Pombe ikiingia mwilini, ini huivunja kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, na hatua ya pili huigeuza asetaldehidi hiyo kuwa asetati, ambayo haina madhara. Kila hatua hufanywa na kimeng'enya chake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 nchini Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakichunguza disulfiramu kama dawa ya minyoo, wakaimeza wao wenyewe, na walipokunywa pombe waliugua. Baadaye ikabainika kwamba disulfiramu hukifunga kimeng'enya cha hatua ya pili, hivyo asetaldehidi hujaa katika damu. Uso huwaka moto, moyo hupiga kwa kasi, kichwa hugonga, jasho humtoka mtu, kisha hutapika, na shinikizo la damu linaweza kushuka hadi akaanguka. Tangu wakati huo disulfiramu hutumika kuwasaidia watu wanaotaka kuacha pombe.

Flajili iliingizwa katika hadithi hiyo mwaka 1964, pale ilipoandikwa kwamba mtu aliyekuwa akiitumia alipoteza hamu ya pombe. Zikafuata taarifa za wagonjwa mmoja mmoja waliotapika au kuwaka uso baada ya kuchanganya, na kuanzia hapo onyo likawekwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, likafundishwa vyuoni, na likafika vijijini likiwa limekua njiani hadi kuwa habari ya kifo. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Finland walichapisha jaribio dogo la wanaume 12 wenye afya, ambamo baadhi walitumia metronidazoli kwa siku 5 kisha wakapewa pombe kwa kipimo. Asetaldehidi haikupanda katika damu yao, na dalili zile hazikuonekana. Mwaka 2021 mwongozo wa Marekani wa kutibu magonjwa ya zinaa ulikwenda mbali zaidi, ukasema kwamba si lazima mgonjwa wa metronidazoli ajizuie pombe.

Kwa nini basi nakushauri muendelee kuwakataza? Kwanza, jaribio la watu 12 wenye afya haliwezi kumwakilisha mzee mwenye ini bovu, wala mtu mwenye ugonjwa wa moyo, na taarifa za wagonjwa walioumia zipo. Pili, karatasi za ndani ya pakiti bado zinakataza, na haifai mgonjwa asome jambo moja kwenye pakiti na jingine kwenye karatasi yenu. Tatu, na hii kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, Flajili peke yake huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Ukiongeza pombe juu yake, mgonjwa anaweza kutapika kidonge alichomeza muda mfupi uliopita. Makatazo yabaki, ila yaandikwe kwa uzito wake wa kweli, kwa sababu kutia chumvi kuna gharama ambayo umeiona wewe mwenyewe: mgonjwa anayeamini kwamba Flajili na pombe ni kifo haachi pombe, bali anaacha Flajili. Anaruka vidonge vya Jumamosi na Jumapili, anarudi kwenye dozi Jumatatu, na wiki mbili baadaye yuko tena mlangoni kwenu na kuhara damu kulekule.

Hesabu yake ni fupi, na unaweza kumfanyia mgonjwa kwa vidole. Kwa mtu mwenye ini zima, kiasi cha metronidazoli kilichomo mwilini hupungua kwa nusu katika kila saa 8 hivi. Baada ya saa 8 imebaki nusu, baada ya saa 16 robo, baada ya saa 24 sehemu moja kati ya 8, na zikitimia saa 48 imebaki sehemu moja kati ya 64, ambayo ni kama hakuna. Hapo ndipo saa 48 zinapopata maana yake. Tinidazoli, ambayo ni ndugu yake, hupungua polepole zaidi, na kwake andikeni saa 72. Ini likiwa dhaifu muda huo hurefuka, kwa hiyo mwenye macho ya manjano au tumbo lililojaa maji asipewe hesabu hizi. Yeye pombe haimfai kwa hali yoyote.

Sasa nichukue mtu mmoja na kumfuata saa kwa saa. Si mgonjwa mmoja halisi. Nimemuunda kutokana na namna ya wagonjwa ambao kila anayefanya kazi ya dawa amewaona. Ni fundi ujenzi wa miaka 52. Kwa mwezi mzima amekuwa akimeza diazepamu ya miligramu 5 kila usiku ili apate usingizi, akizinunua bila cheti cha daktari, jambo ambalo halikupaswa kutokea. Alhamisi alikuja zahanati na jino lililovimba, akapewa metronidazoli ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Hakuulizwa kuhusu dawa nyingine, naye hakusema, kwa sababu kwake diazepamu si dawa ya ugonjwa. Ni "vidonge vyangu vya kulalia". Jumamosi kuna harusi ya mtoto wa kaka yake.

Amesikia kwamba Flajili na pombe haviendi pamoja. Anameza kidonge cha saa 12 asubuhi, anaruka cha mchana na cha usiku, na saa 1 usiku anafungua bia ya kwanza akiamini kwamba amejilinda. Kati ya kidonge chake cha mwisho na bia hiyo zimepita saa 13, na katika muda huo theluthi moja hivi ya dawa iliyokuwamo bado iko mwilini. Hajaikwepa dawa, ila amelinyima jino tiba kwa siku nzima. Anachoweza kukipata hapa ni uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kutapika, kwa kawaida muda mfupi baada ya kuanza kunywa, na akiacha kunywa, akapumzika na kunywa maji, mara nyingi humwisha ndani ya saa chache. Akiumwa kifua, akishindwa kupumua vizuri au akizimia, aje kituoni bila kungoja. Pengine lakini hatapata dalili yoyote, na hiyo nayo ina ubaya wake, kwa sababu ataondoka na imani kwamba maonyo yote ya dawa na pombe ni maneno matupu.

Hadi saa 5 usiku amekunywa bia 4. Chupa moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi, kwa hiyo ameingiza gramu 80. Ini la mtu wa kawaida huondoa kama gramu 8 kwa saa, wengine pungufu, wengine zaidi, na hakuna kahawa, supu wala kuoga maji baridi kunakoliharakisha. Katika saa 4 za kunywa limeondoa gramu 32, na zimebaki 48. Anarudi nyumbani, kichwa bado kina ngoma za harusi, usingizi hauji. Anameza diazepamu 2, jumla miligramu 10.

Yeye anahesabu kwamba amemeza miligramu 10, lakini mwili wake hauanzi na sifuri. Muda wa diazepamu kupungua kwa nusu hutofautiana sana baina ya watu, na huanzia saa 20 hadi saa 100. Tukichukua saa 48 kwa fundi wetu, kila usiku kwa mwezi mzima amekuwa akimeza kidonge kipya kabla cha jana na cha juzi havijatoka. Vimejikusanya hadi kufikia kiwango ambacho, hata kabla hajagusa kidonge cha usiku huo, ana miligramu 12 hivi ndani yake. Tena diazepamu inapovunjwa na ini hutoa dawa nyingine inayotuliza vilevile, na hiyo hukaa muda mrefu zaidi. Baada ya vidonge 2 vya usiku wa harusi ana miligramu 22, ambazo zinafikia kilele katika damu kati ya saa 6 na saa 6 na nusu usiku, wakati bado ana gramu 35 hadi 40 za pombe. Hata kama angeruka diazepamu ya usiku huo ili anywe kwa usalama, zile 12 zingekuwapo. Hii ndiyo sababu nimekuomba msiandike saa.

Vitu hivi viwili vinakutana katika ubongo, mahali pamoja. Ubongo una kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza mishipa ya fahamu, kama breki ya baiskeli. Diazepamu huikaza breki hiyo, fenobabitoni huikaza, na pombe nayo huikaza, kila moja kwa mkono wake, lakini kwenye gurudumu lilelile. Mtu mzima mwenye afya akimeza diazepamu peke yake, hata nyingi, kwa kawaida hulala fofofo kisha akaamka. Ikiwapo pombe, breki hufika hadi sehemu ya chini ya ubongo inayoamrisha pumzi. Pumzi huwa fupi na chache, hewa chafu hujilimbikiza katika damu, na ile hali ya kuhisi kwamba umekosa hewa, ambayo ingemwamsha mtu mzima wa akili, haimwamshi. Ulimi hulegea na kuziba koo. Akitapika, kikohozi kilichopaswa kuyafukuza matapishi hakiji, na yanaingia kwenye mapafu.

Saa 8 usiku mke wa fundi anamsikia akikoroma na anashukuru kwamba angalau amelala. Baadaye mkoromo unabadilika, unakuwa na maji ndani yake, kama mtu anayesukutua. Kisha kimya, kisha pumzi moja kubwa, kisha kimya tena. Hapa ndipo maisha ya mtu huyu yanapoamuliwa, na anayeamua ni mke, wala si mgonjwa. Ndugu Muuguzi, nakuomba sana ulishike jambo hili katika kuandika: karatasi ya vidonge vya usingizi ikiandikwa kwa ajili ya mgonjwa peke yake, inamzungumzia mtu ambaye wakati wa hatari hasikii wala haoni. Iandikeni kwa ajili ya anayelala naye nyumba moja, na mkiweza mpeni yeye mkononi.

Mke aambiwe afanye nini? Amwite kwa jina lake kwa sauti, amtikise bega, amfinye kwa nguvu. Mlevi wa kawaida atanung'unika, atausukuma mkono, atafumbua macho hata kama ni kwa hasira. Asiyefanya lolote kati ya hayo hajalala, amepoteza fahamu. Kisha ahesabu pumzi kwa dakika moja kamili, mkono ukiwa juu ya tumbo au kifua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 10, au pakiwa na kimya kinachorudiarudia cha kuhesabu hadi kumi, ni dharura. Kwa watu wa ngozi nyeusi rangi ya kukosa hewa haionekani usoni. Aangalie ndani ya midomo, ulimi, kucha na viganja, kama vimegeuka kuwa vya kijivu au bluu.

Amlaze ubavu, goti la mguu wa juu likunjwe mbele ili asibingirike, mkono wa juu uwekwe chini ya shavu, kichwa kiinuliwe kidevu kwa nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Asimpe maziwa, wala maji ya chumvi, wala kahawa, wala mafuta, na asimtapishe kwa kidole. Maziwa hayazimui dawa wala pombe. Yakimiminwa kwenye kinywa cha mtu asiyemeza yataishia kwenye mapafu. Asimwache peke yake hata kidogo akisubiri pikipiki au gari, na njiani alale vilevile kwa ubavu. Pakiti zote za dawa, hata zilizo tupu, ziende naye. Pumzi ikikatika kabisa, apuliziwe mdomo kwa mdomo hadi msaada ufike, na moyo ukiwa umesimama akandamizwe kifua, kama mnavyofundisha.

Kwenye zahanati yenu tiba yake kubwa ni njia ya hewa iliyo wazi, oksijeni kama ipo, kifaa cha kumpulizia kwa mkono pumzi zikipungua, kupima sukari ya damu kwa sababu pombe huishusha, na rufaa ya haraka. Kuna dawa inayoipinga diazepamu, flumazenili, lakini kwa mtu aliyetumia diazepamu kwa muda mrefu au mwenye kifafa inaweza kuamsha degedege, kwa hiyo kutokuwa nayo kusikufanye ujione mnyonge. Mtu akipumuliwa vizuri mwili wenyewe utaondoa pombe na dawa kwa wakati wake.

Sehemu ngumu ya karatasi ni kutaja dawa zenyewe, kwa sababu wagonjwa wengi wanaotumia dawa za kutuliza hawajui kwamba wanazitumia. Diazepamu, ambayo wengine huiita Valiamu, na fenobabitoni wanayopewa wenye kifafa ndizo za kwanza. Amitriptilini hutolewa kwa maumivu ya mishipa na kwa huzuni, na mgonjwa huiona kama dawa ya maumivu. Ikizidi pamoja na pombe huvuruga pia mapigo ya moyo. Klopromazini hutolewa kliniki ya afya ya akili. Tramadoli, kodeini na mofini zinapunguza pumzi kwa njia nyingine, lakini zikikutana na pombe mwisho wake ni uleule. Halafu zipo ambazo kila nyumba inazo: Piritoni ya mafua na mzio, prometazini ya kichefuchefu, na baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Piritoni moja na bia moja kwa kawaida haiui mtu, na msiseme inaua; inamfanya dereva wa bodaboda asinzie kwenye kona, na mzee aanguke akielekea chooni usiku. Uzito wa kila neno ukilingana na jambo lenyewe, wagonjwa watayaamini maneno mazito mtakapoyasema.

Vilevile itajeni pombe kwa majina yake. Huko kwenu mtu atakuambia kwa dhati kwamba hanywi pombe, kisha ukigundua ana lita mbili za ulanzi tumboni atakushangaa, maana kwake ulanzi ni ulanzi. Kilimanjaro ni hivyo kwa mbege na pwani kwa mnazi. Vinywaji hivi vinaendelea kuchacha ndani ya chombo, hivyo ulanzi wa asubuhi na uleule wa jioni si kinywaji kimoja, na hakuna awezaye kukuambia gramu zake. Gongo haina kipimo kabisa. Pombe kali ya dukani angalau huandikwa: chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 55, yaani karibu bia 3, na watu huimaliza kwa muda wa bia moja.

Pana watu wawili ambao agizo la "acha pombe" au "usichanganye" linaweza kuwadhuru msipokuwa waangalifu. Wa kwanza ni mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni. Akisoma kwamba dawa yake na pombe ni hatari, atairuka dawa siku ya sherehe, na kuiruka huko, pamoja na pombe yenyewe, kunaweza kumletea kifafa mfululizo usiku huo au kesho yake. Aambiwe kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili kwamba kinachorukwa ni pombe. Ndivyo ilivyo pia kwa fundi wetu: amekwisha kuizoea diazepamu, akiiacha ghafla anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa na hata kupata degedege, kwa hiyo apunguziwe kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Wa pili ni mnywaji wa kila siku. Muulizeni swali moja: asubuhi kabla hujanywa, mikono inatetemeka? Akikubali, mwili wake umeizoea pombe, na akiikata ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku ya kwanza, degedege likaja ndani ya saa 48, na kuanzia siku ya pili au ya tatu akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Mtu huyu asiambiwe aache leo kwa sababu ya Flajili. Apelekwe hospitali asaidiwe kuacha. Huko huenda akapewa diazepamu, na ndugu zake watauliza mbona mlisema ni sumu. Jibu ni kwamba anapewa badala ya pombe, kwa kipimo, akiwa anaangaliwa pumzi. Na kama mgonjwa wenu anatumia disulfiramu yenyewe, au aliitumia katika wiki 2 zilizopita, msimpe metronidazoli, kwa sababu zikikutana zinaweza kumvuruga akili.

Nashauri ziwe karatasi mbili, wala si moja, ili hatari ndogo isiifunike kubwa. Ya Flajili isomeke hivi:

"Unatumia metronidazoli (Flajili). Usinywe pombe ya aina yoyote, pamoja na ulanzi na pombe za kienyeji, siku zote za dozi na siku 2 baada ya kidonge cha mwisho. Ukinywa unaweza kuwaka uso, kuumwa kichwa, kwenda mbio moyo na kutapika. Usiruke kidonge ili unywe pombe; ugonjwa utarudi. Kama umekwisha kunywa na hujisikii vibaya, meza kidonge kinachofuata kwa wakati wake baada ya chakula, na usinywe tena. Ukiumwa kifua, ukizimia au ukishindwa kupumua, njoo kituoni mara moja. Ladha ya chuma mdomoni na mkojo wa rangi ya kahawia huletwa na dawa hii hata bila pombe."

Na ya pili, kwa herufi kubwa zaidi, ikiwa na nafasi ya kuandika kwa kalamu jina la dawa aliyopewa:

"Kwa mgonjwa na kwa anayeishi naye. Dawa hii hutuliza ubongo. Ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi mtu akiwa usingizini. Haisaidii kuacha kidonge cha leo ili unywe, kwa sababu vya siku zilizopita bado vimo mwilini. Usinywe pombe kipindi chote unapotumia dawa hii, na usiiache dawa ghafla bila kumwona mtaalamu. Wewe unayeishi naye: ukijua amechanganya, usimwache alale peke yake. Mwite, mfinye. Asipoamka, au akipumua chini ya mara 10 kwa dakika, au mkoromo wake ukiwa na maji na kukatika, mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, mlete kituoni usiku huohuo pamoja na pakiti za dawa. Hutaulizwa kwa nini alikunywa."

Sentensi hiyo ya mwisho msiiweke kama hamna uhakika kwamba wenzako wote wa zamu ya usiku wataitimiza. Zungumza nao kwanza, maana wengi huchelewa kuletwa si kwa sababu familia haikuona hatari, bali kwa sababu iliogopa kufokewa mapokezi.